Uzi: Barua pepe za zabuni zimefutwa kwenye sanduku la pamoja la Outlook, nafungua Recover Deleted Items from Server sizioni

Kasuku wa Ziwani · Jumatatu tarehe 13, saa 2:40 asubuhi

Wakuu habari za asubuhi. Naomba msaada wa haraka.

Nipo kitengo cha ununuzi kwenye shirika lisilo la kiserikali hapa Mwanza. Tunatumia Microsoft 365, na kitengo kina anwani ya pamoja, `ununuzi@`, ambayo maafisa watatu tunaifungua kupitia Outlook ya kwenye kompyuta. Mkaguzi anakuja Ijumaa na ameomba mawasiliano yote ya zabuni ya jenereta: maswali ya wazabuni, majibu yetu, na barua za kuongeza muda. Nimefungua folda ya zabuni hiyo leo, ni tupu. Zilikuwemo barua karibu ishirini.

Mwenzetu aliyeanza likizo ya uzazi alisafisha sanduku siku yake ya mwisho kazini, Alhamisi tarehe 2, akijua kwamba nakala zimeshachapishwa na kuwekwa kwenye jalada. Jalada lina sehemu tu.

Deleted Items ya sanduku la pamoja nimeangalia, hakuna kitu. Nikaenda kichupo cha Folder, nikabofya `Recover Deleted Items from Server`. Dirisha likafunguka na orodha ndefu, ila ni barua zangu mimi, matangazo na mialiko ya vikao. Za zabuni hakuna hata moja. Je, zimepotea kabisa?

---

Mtaa wa Saba · saa 2:58

Pole sana dada. Ila usikate tamaa, Microsoft inatunza kila kitu siku 30 baada ya kufutwa. Tarehe 2 hadi leo ni siku 11 tu, una muda mpaka mwisho wa mwezi. Tulia, andika tiketi kwa watu wa TEHAMA, watazirudisha.

Na kama Deleted Items imeshamwagwa, zipo programu za kufufua mafaili, unaisakama diski ya laptopu aliyotumia mwenzako. Mimi niliwahi kurudisha picha kwa njia hiyo.

---

Fundi Seva · saa 3:15

Dada Kasuku, hazijapotea, lakini muda ulionao ni mfupi kuliko alivyosema mkuu hapo juu. Nieleze taratibu kidogo kwa sababu jambo hili linawaponza wengi.

Barua ikifutwa kawaida inaenda Deleted Items. Ikitolewa Deleted Items, au ikifutwa kwa Shift+Delete, inaingia sehemu iliyofichwa ndani ya sanduku hilohilo, inaitwa Recoverable Items. Haionekani kwenye orodha ya folda. Lile dirisha ulilofungua ndilo mlango wake. Na muda wa kukaa humo unapangwa na taasisi. Kwenye Exchange Online, sanduku ambalo hakuna aliyebadilisha mpangilio wake lina siku 14. Msimamizi anaweza kuongeza mpaka 30, na 30 ndiyo mwisho. Kwa hiyo siku 30 mnazipata kama kuna mtu alikaa akazipanga. Ofisi nyingi hakuna aliyezipanga.

Pili, hesabu haianzi siku barua ilipopokelewa. Haianzi hata siku ilipopelekwa Deleted Items. Inaanza pale ilipotoka Deleted Items kuingia Recoverable Items. Barua inaweza kukaa Deleted Items miezi sita kama taasisi haijaweka sera ya kuisafisha, na saa haijaanza kuhesabu.

Kama aliyefuta alimwaga Deleted Items tarehe 2 na muda wenu ni siku 14, mwisho wenu ni tarehe 16, yaani Alhamisi. Mkaguzi anakuja kesho yake. Msisubiri.

Kuhusu programu za kufufua mafaili: barua hizi ziko kwenye seva za Microsoft, na kwenye laptopu kuna nakala inayofuata seva. Kuisakama diski kutakula muda ambao hamna.

Sasa swali ambalo ndilo muhimu kuliko yote: mwenzenu alikuwa anafungua `ununuzi@` kwa njia gani? Outlook ile ya zamani ya kwenye kompyuta, au kupitia kivinjari?

---

Kasuku wa Ziwani · saa 3:22

Ahsante sana mkuu. Outlook ya kwenye kompyuta, ile ya zamani. Sanduku la pamoja linatokea upande wa kushoto chini ya sanduku lake mwenyewe, kama langu. Kivinjari anatumia afisa wa tatu akiwa safarini.

---

Fundi Seva · saa 3:34

Basi nadhani nimeshajua zilipo. Outlook hiyo ya zamani, mtu akifuta barua kwenye sanduku la pamoja, kwa kawaida barua hiyo haiendi Deleted Items ya sanduku la pamoja. Inaenda Deleted Items ya huyo aliyefuta. Ndiyo maana umekuta ya pamoja haina kitu. Na dirisha lako la Recover limekuonyesha barua zako kwa sababu lilifungua sanduku lako wewe.

Kwenye kivinjari mambo ni tofauti. Ukifungua sanduku la pamoja huko na kufuta, barua inabaki kwenye Deleted Items ya sanduku la pamoja. Na aliyefuta kwa Shift+Delete, barua inaingia Recoverable Items ya sanduku lilimokuwa.

Kwa hiyo mna sehemu mbili za kutafuta: sanduku la dada aliyeko likizo, na sanduku lenyewe la `ununuzi@`. Mpigie simu umuulize mambo mawili. Je, Deleted Items yake ina zile barua bado? Na je, kwenye File, Options, Advanced, amewekewa alama kwenye `Empty Deleted Items folders when exiting Outlook`? Kama alama ipo, kila alipofunga Outlook jioni Deleted Items ilimwagwa, na saa ikaanza kuhesabu jioni hiyohiyo.

---

Karani 254 · saa 3:50

Habari zenu. Hii imetupata pia huku Nairobi. Jamaa wa mauzo aliacha kazi, akaunti ikafutwa, na barua zote zikaenda nayo. Tulikuwa tumeshapita siku 14 lakini admini akarudisha kila kitu, hadi kalenda. Kwa hivyo dada asibabaike na hizo siku 14, aombe tu mtumiaji arudishwe.

---

Fundi Seva · saa 3:57

Karani, hilo lenu ni jambo jingine. Mtumiaji akifutwa kwenye Microsoft 365, sanduku lake zima linawekwa kando kwa siku 30, na ukimrudisha mtumiaji ndani ya siku hizo sanduku linarudi kama lilivyokuwa. Hapa hakuna akaunti iliyofutwa. Sanduku liko hai, kilichofutwa ni barua ndani yake, na barua inahesabiwa kwa muda wake yenyewe.

---

Ofisi Ndogo · saa 4:20

Samahani kudandia uzi. Mimi nina Outlook hiyohiyo ila kitufe cha Recover Deleted Items from Server kimefifia, hakibofyeki. Barua zetu ziko kwa kampuni iliyotutengenezea tovuti, tumeunganisha kwa IMAP. Nafanyaje?

---

Fundi Seva · saa 4:31

Kitufe hicho kinahitaji seva ya Exchange nyuma yake. Kwa IMAP au POP hakuna Recoverable Items, kwa hiyo Outlook haina pa kuchungulia. Ongea na hao wanaotunza seva yenu uwaulize kama wana nakala rudufu za kila siku na wanazitunza kwa muda gani. Kwa POP hali ni ngumu zaidi, kwa sababu mara nyingi nakala pekee iko kwenye faili la PST la kompyuta yako.

---

Kasuku wa Ziwani · saa 5:05

Nimeongea naye. Deleted Items yake ni tupu na alama ipo, anasema aliikuta kwenye laptopu alipopewa. Barua nyingi alizifuta tarehe 2. Ila chache alianza kuzifuta Ijumaa tarehe 26 mwezi uliopita, hakumbuki zipi. Na baadhi alitumia Shift+Delete.

Yuko tayari kusaidia, laptopu ya ofisi anayo nyumbani. Nimwambie afanye nini?

---

Fundi Seva · saa 5:24

Kwanza aondoe ile alama ya kumwaga Deleted Items kabla hajafanya kingine chochote. Nitaeleza kwa nini.

Kisha akiwa kwenye Deleted Items yake, abofye kichupo cha Folder, halafu `Recover Deleted Items from Server`. Orodha ina safu ya mada, ya aliyetuma, na ya `Deleted On`. Abofye kichwa cha safu ya `Deleted On` ili zipangike kwa tarehe ya kufutwa, ashuke hadi tarehe 2. Azichague kwa kushikilia Ctrl, kidogokidogo, ishirini au thelathini kwa mara moja, maana dirisha hilo ni zito orodha ikiwa ndefu. Chini kuna machaguo mawili, `Restore Selected Items` na `Purge Selected Items`. Ahakikishe alama iko kwenye la kwanza, halafu OK. La pili linaziondoa kwenye dirisha hilo, na baada ya hapo ni msimamizi pekee anayeweza kuzifikia.

Zikirudi, zinaingia Deleted Items yake. Hapo ndipo ile alama inapoleta balaa: akifunga Outlook kabla hajazihamisha, zinamwagwa tena. Watu wanarudisha barua mchana, wanafunga kompyuta jioni, kesho wanasema kifaa hakifanyi kazi.

Na asizitafute juu ya orodha. Barua inarudi na tarehe yake ya kupokelewa, kwa hiyo ya mwezi wa tatu itajipanga pamoja na za mwezi wa tatu. Akishaziona, azivute zote mpaka kwenye folda ya zabuni ndani ya `ununuzi@`, kisha wewe uthibitishe kwamba umeziona upande wako, zikiwa na viambatisho vinavyofunguka.

Wakati huohuo, watu wenu wa TEHAMA waangalie muda uliopangwa. Ni amri moja:

```powershell
Get-Mailbox afisa@taasisi.example | Format-List RetainDeletedItemsFor,SingleItemRecoveryEnabled,LitigationHoldEnabled
```

Waifanye kwa sanduku lake na kwa `ununuzi@`. Wakikuta 14, wapandishe mpaka 30 leo hii, asubuhi hiihii, kwenye masanduku yote mawili. Halafu ndiyo waendelee na mengine:

```powershell
Set-Mailbox afisa@taasisi.example -RetainDeletedItemsFor 30
```

---

Binti Pemba · saa 5:49

Naomba kuuliza jambo ambalo halijaguswa. Mnazungumzia kuingia kwenye sanduku la mtu aliye likizo ya uzazi. Hapo amekubali mwenyewe, sawa. Lakini nimeona ofisi ambazo TEHAMA wanaingia tu, mwenye sanduku hajui. Humo kuna barua za hospitali, za bima, pengine za familia. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Orodha ya vilivyofutwa ni taarifa binafsi kuliko hata vilivyopo, kwa sababu mtu amefuta akiamini hakuna atakayeona.

---

Mtaa wa Saba · saa 6:02

Sanduku ni mali ya mwajiri, dada. Ukitumia barua ya kazi kwa mambo ya hospitali umejitakia.

---

Fundi Seva · saa 6:20

Binti Pemba ana hoja, na mimi nipo upande wake. Kitaalamu, msimamizi mwenye ruhusa anaweza kuorodhesha vilivyofutwa vya mtu bila mwenyewe kujua. Ninachofanya kazini kwangu: naomba ridhaa ya mwenye sanduku kwa maandishi, na nachuja kwa mada ya barua ili nisione mengine. Kama mwenyewe anaweza kurudisha kwa mkono wake, kama hapa, nampa nafasi hiyo kwanza. Mali ya mwajiri ni sanduku. Nani anaruhusiwa kusoma nini ndani yake ni swali la sera ya ofisi na sheria, na ofisi nyingi hazijaliandika popote.

---

Binti Pemba · saa 6:31

Tatizo ni pale mwenye sanduku anapokuwa ndiye anayetuhumiwa. Hapo ridhaa utaombaje? Na ukisubiri, siku 14 zinapita.

---

Fundi Seva · saa 6:44

Kuna njia ya kuzuia zisipotee bila kusoma chochote. Msimamizi anaweka sanduku chini ya zuio la kisheria, Litigation Hold, na tangu hapo kilichomo Recoverable Items hakiondoki hata muda ukipita. Nani aidhinishe kusoma, hilo menejimenti na mwanasheria wakaamue kwa nafasi yao. Zuio linahitaji leseni yenye huduma hiyo, si kila mpango wa Microsoft 365 unayo.

---

Kasuku wa Ziwani · saa 9:10 alasiri

Naleta mrejesho.

TEHAMA wamekuta 14 kwenye masanduku yote mawili, SingleItemRecoveryEnabled ni True, LitigationHoldEnabled ni False. Wamepandisha hadi 30.

Mwenzangu ameondoa alama, amefungua dirisha, amezipata za tarehe 2 zikiwa zimejipanga zote na `Deleted On` ya jioni ya siku hiyo, ndani ya dakika moja. Nilivyoelezwa na Fundi ndivyo ilivyokuwa: hakuziona juu ya orodha akadhani hazijarudi, mpaka aliposhuka. Amezivuta kwenye folda ya pamoja, nimezifungua, viambatisho vipo, hata ile PDF ya mchoro wa msingi wa jenereta.

Zimebaki tano. Tatu ni barua za kuongeza muda ambazo anakumbuka alizifuta kwa Shift+Delete. Mbili ni maswali ya mzabuni mmoja, na hizo ndizo mkaguzi amezitaja kwa jina. TEHAMA wamejaribu kwa PowerShell wakaambiwa amri `Get-RecoverableItems` haitambuliki.

---

Fundi Seva · saa 9:28

Hongereni. Sasa zile tatu za Shift+Delete tafuteni ndani ya `ununuzi@` lenyewe. Usitumie Outlook ya kompyuta kwa hili, tumia kivinjari: bofya picha yako juu kulia, `Open another mailbox`, andika `ununuzi@`, nenda Deleted Items, juu ya orodha utaona `Recover items deleted from this folder`. Hapo hakuna shaka unatazama sanduku la nani. Na ukirudisha kupitia kivinjari, barua inajaribu kurudi kwenye folda ilimotoka. Folda hiyo ikiwa imefutwa, inaangukia Inbox. Angalieni kote kuwili.

Amri kutotambulika: msimamizi wenu hana jukumu la `Mailbox Import Export`. Jukumu hilo halipewi mtu yeyote kwa chaguo-msingi, hata msimamizi mkuu. Na PowerShell ya Exchange humwonyesha mtu amri za majukumu aliyonayo tu, kwa hiyo inaonekana kama amri haipo duniani. Ajiongezee jukumu hilo, afunge kikao cha PowerShell, asubiri kidogo, aunganishe upya. Kisha aanze kwa kutazama tu:

```powershell
Get-RecoverableItems -Identity ununuzi@taasisi.example -SubjectContains "jenereta" -FilterItemType IPM.Note | Format-Table Subject,LastParentPath,SourceFolder,LastModifiedTime
```

Akiridhika na orodha, arudie maneno hayohayo akibadilisha `Get` kuwa `Restore` na kuondoa sehemu ya `Format-Table`. Asianze na `Restore`. Neno kama "jenereta" linaweza kuvuta barua za miaka mingine, na zitarudi zikatawanyika kwenye folda zake za zamani.

Faida ya njia hii ni kwamba inafika hata kwa vile ambavyo mtumiaji alivifuta ndani ya dirisha la Recover kwa `Purge`. Ndiyo kazi ya SingleItemRecoveryEnabled kuwa True.

---

Mtaa wa Saba · saa 9:47

Basi zile mbili za tarehe 26 nazo zitakuwa kwenye hiyo Purge. Microsoft haifuti kitu kabisa.

---

Fundi Seva · saa 10:05

Hapana mkuu, hapo ndipo tunapopeana matumaini hewa. Single Item Recovery inamzuia mtumiaji asiharibu kabla ya muda. Muda ukiisha, kilicho kwenye Purges nacho kinaondoka, isipokuwa sanduku liko chini ya zuio au sera ya utunzaji. Kwao LitigationHold ni False. Barua zilizomwagwa tarehe 26 zilimaliza siku 14 tarehe 10. Kuongeza muda leo hakuzifufui zilizokwisha kuondolewa.

Kuna tundu moja dogo. Kazi ya kuondoa vilivyopitwa na muda inafanywa na mchakato unaozungukia masanduku, na Exchange Online inaahidi kulifikia kila sanduku angalau mara moja kwa siku saba. Kwa hiyo kitu cha siku ya 15 au 17 unaweza kukikuta bado. Ndiyo maana nasema watazame. Lakini hilo si la kulipangia mipango.

Waangalie pia kama shirika lina sera ya utunzaji upande wa Purview, maana amri ile ya kwanza inaonyesha Litigation Hold peke yake.

---

Kasuku wa Ziwani · Jumanne tarehe 14, saa 4:15 asubuhi

Zile tatu tumezipata kwenye `ununuzi@` kupitia kivinjari. Mbili zilirudi kwenye folda ya zabuni, moja tuliikuta Inbox kwa sababu ilikuwa kwenye folda ndogo iliyofutwa.

TEHAMA wamepata jukumu, wametazama masanduku yote mawili kwa jina la mzabuni, kwa ridhaa ya mwenzangu aliyoituma kwa barua pepe. Zile mbili hazipo. Sera ya utunzaji Purview haipo pia.

Kuna njia nyingine yoyote?

---

Fundi Seva · saa 4:40

Moja, na inategemea bahati. Kuna kompyuta yoyote iliyowahi kufungua `ununuzi@` kwa Outlook ya zamani, ambayo haijawashwa tangu kabla ya tarehe 26? Outlook inatunza nakala ya sanduku kwenye faili la OST ndani ya kompyuta, na kwa kawaida inachukua na masanduku ya pamoja. Nakala hiyo haijui kilichofutwa mpaka itakapokutana na seva.

Kama ipo, chomoa waya wa mtandao na zima Wi-Fi kabla ya kufungua Outlook. Kama kompyuta inajiunga na Wi-Fi yenyewe ikiwashwa, zima ruta kabisa. Fungua Outlook, chini kulia isome kwamba haijaunganishwa. Tafuta barua, buruta mpaka kwenye folda ya kawaida ya kompyuta, itajihifadhi kama faili la `.msg`, nakili kwenye flashi. Usiunganishe mtandao mpaka flashi imefunguliwa kwenye kompyuta nyingine na umeziona.

---

Mtaa wa Saba · saa 4:52

Hii sikuijua kabisa. Shukrani mkuu. Kwa hiyo kwa namna moja laptopu ilikuwa na umuhimu wake.

---

Fundi Seva · saa 4:58

Ndiyo, ila ni laptopu iliyolala. Ile iliyotumika kufuta, nakala yake imeshafutika kwa kuifuata seva.

---

Kasuku wa Ziwani · Jumatano tarehe 15, saa 8:30 mchana

Ofisi yetu ya Sengerema kuna kompyuta ya mezani iliyokuwa imefungiwa kabatini tangu ukarabati wa jengo uanze. Kijana wa TEHAMA amekwenda mwenyewe leo, kazima ruta, kaiwasha. Barua moja kati ya mbili imepatikana, ni swali la kwanza la mzabuni. Ya pili iliingia baada ya kompyuta hiyo kuzimwa, kwa hiyo haimo.

Kwa hiyo ya pili nimemwandikia mzabuni anitumie nakala kutoka kwenye barua alizotuma yeye, kama kiambatisho na si kwa kuisambaza, ili mkaguzi aone vichwa vyake vya awali. Nimemweleza mkaguzi mapema hali ilivyo.

Meneja amekubali masanduku yote ya shirika yawekwe siku 30. TEHAMA wanataka pia kuondoa ile tabia ya barua za pamoja kwenda Deleted Items ya aliyefuta. Inawezekana?

---

Fundi Seva · saa 9:05

Inawezekana. Kwenye kila kompyuta, ndani ya rejista ya Windows, `HKEY_CURRENT_USER\Software\Microsoft\Office\16.0\Outlook\Options\General`, wanaweka thamani ya DWORD iitwayo `DelegateWastebasketStyle` na kuipa 4. Nambari 8 inapeleka kwa aliyefuta, 4 inabakisha kwa mwenye sanduku. Outlook ifungwe na kufunguliwa upya. Wahakikishe wanaotumia sanduku hilo wana ruhusa ya kuandika kwenye Deleted Items yake, vinginevyo watapata ujumbe wa hitilafu wakifuta.

Na siku 30 kwa masanduku yote:

```powershell
Get-Mailbox -ResultSize Unlimited | Set-Mailbox -RetainDeletedItemsFor 30
```

Hii inagusa masanduku yaliyopo leo. Mfanyakazi mpya wa mwezi ujao atakuja na 14 zake, kwa hiyo waiweke kwenye utaratibu wa kufungua akaunti mpya, au wabadilishe kwenye mpango wa masanduku kwa `Set-MailboxPlan`.

---

Binti Pemba · saa 9:40

Kabla hamjapandisha kwa wote, waambieni wafanyakazi kwamba wakifuta, kitu kinabaki siku 30 na kinaweza kuonekana na msimamizi. Kwa maandishi.

---

Kasuku wa Ziwani · saa 10:02

Nimeiongeza kwenye rasimu ya waraka, na kipengele cha ridhaa pia. Meneja rasilimali watu anaupinga kipengele cha ridhaa, anasema kitawafunga mikono kwenye uchunguzi. Kikao ni Jumatatu.

Mzabuni amejibu sasa hivi, barua ya pili anayo, anaituma.